Kadi ya usafi ya kulamineti: anza na kalamu, kazi zije baadaye

Nasimamia usafi wa vyumba kwenye nyumba ya wageni, na kila ndoo ya usafi ina kadi yake ya A4 iliyolaminetiwa. Msafishaji akimaliza kazi anaweka tiki, akimaliza chumba anaifuta kadi na kuhamia kingine. Wengi wakitengeneza kadi ya namna hii huanza kwa kuandika kazi zote, kisha wanapunguza herufi mpaka ziingie kwenye ukurasa. Nakushauri uanze na kalamu.

Kalamu ya ubao mweupe ina ncha nene, mstari wake hufika milimita 2 au 3. Ukiitumia kwenye kale kamraba kadogo ka kompyuta, ☐, tiki inafunika kisanduku chote na kugusa cha chini yake. Kisanduku kinachofaa ni cha sentimita 1.5 kila upande. Usikichore: tengeneza jedwali la safu mbili, ya kushoto iwe na upana wa sentimita 1.5, na kila mstari uwe na kimo hichohicho. Hapo seli yenyewe ndiyo kisanduku. Kwenye Word, kimo cha mstari kiwekee `Exactly`, la sivyo kitatanuka chenyewe maandishi yakizidi. Kisanduku kikae kushoto, kando ya neno la kwanza. Kikikaa mwisho wa mstari, jicho linasafiri mbali na tiki inaangukia kazi ya jirani.

Sasa hesabu. A4 ina urefu wa milimita 297. Ukiacha pambizo ya sentimita 1.5 juu na chini, zinabaki 267. Kichwa na nafasi ya kuandika namba ya chumba vipewe 30, zibaki 237. Gawanya kwa 15: unapata mistari 15 na kipande kidogo cha akiba. Basi kadi yako ina kazi 15. Sisi tulikuwa na 17, kwa hiyo shuka na foronya zikaunganishwa kuwa "Badilisha shuka na foronya", sinki na kioo zikawa mstari mmoja. Herufi zikabaki pointi 18, na mama mmoja wa zamu ya asubuhi akaniambia, "Mwanangu, hii naisoma ikiwa imening'inia kwenye ndoo, miwani siitafuti." Kama kazi ni 25, tumia pande mbili za karatasi: chumba mbele, bafu nyuma.

Kile kipande cha akiba kina kazi yake. Word huweka aya tupu baada ya jedwali wala haikubali kuifuta, na aya hiyo ikikosa nafasi inazaa ukurasa wa pili mtupu. Ukiona hivyo, ipe herufi za pointi 1.

Ukipeleka kazi steshenari, tuma PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, upana wa maandishi hubadilika na maneno yanayozidi seli yanakatwa. Waombe wachague `Actual size`, kisha pima kisanduku kimoja kwa rula kabla ya kulamineti. Kikiwa pungufu ya sentimita 1.5, printa imebana ukurasa. Kiolezo ulichopakua kutoka tovuti ya Marekani mara nyingi ni cha karatasi ya Letter, ambayo ni pana na fupi kuliko A4, kwa hiyo badilisha ukubwa wa karatasi kabla hujagusa kitu kingine.

Kwenye laminesheni adui ni maji. Plastiki ibaki angalau milimita 3 kuzunguka karatasi. Ukiikata sawasawa na ukingo, maji yanapenya na karatasi inavimba. Tundu la kamba nalo ni mlango wa maji. Toboa karatasi kwanza tundu kubwa, lamineti, kisha toboa plastiki tundu dogo katikati ya lile la kwanza. Chagua plastiki ya kung'aa, kwa sababu ile isiyong'aa hushika wino. Karatasi iliyotoka kwenye printa ya wino wa maji iache ikauke kabisa kabla ya kuiingiza kwenye mashine.

Bafuni, kalamu ya ubao ina tatizo: mkono wenye maji unafuta tiki. Upande wa bafu tunatumia kalamu ya wino wa kudumu na kufuta kwa pamba yenye spiriti. Wino wa ubao uliokaa siku nyingi ukagoma, pitisha wino mpya wa kalamu hiyohiyo juu yake, kisha futa haraka.

Kadi hii haitunzi kumbukumbu. Kama mwenye nyumba anataka kujua nani alisafisha chumba gani, piga picha kwa simu kabla ya kufuta, au weka daftari la sahihi mapokezi.