Rimoti moja, majina mengi

"Nimeambiwa rimoti ya runinga inaweza kuongoza na deki ya diski, lakini kwenye LG yangu ya zamani sioni palipoandikwa HDMI-CEC. Haina?"

Itafute kwa jina la SIMPLINK, kisha uiwashe kwenye deki pia. Ndugu aliyetangulia kusema kwamba rimoti huongea na vifaa vyote amepatia nusu: mwanga wake huishia kwenye runinga, nayo runinga hupitisha amri kwenye waya mmoja wa kebo ya HDMI, ule wa pini ya 13. Kebo isiyo na waya huo huonyesha picha safi kabisa, ila vitufe havifanyi kitu.

Samsung huiita Anynet+ na Sony BRAVIA Sync, kwa kuwa kila kampuni ilitaka ionekane mali yake (na ununue vyote kwake). Msingi ni mmoja, lakini amri nyingi ni za hiari. Kwangu Nyegezi, nikizima runinga, deki ya kampuni nyingine huzimika, ila kitufe cha menyu hakiifikii hata baada ya kubadili kebo.

Mwenye king'amuzi hapo juu aliyesema hakiitikii rimoti ya runinga, chako kinaweza kuwa hakina CEC kabisa. Angalia mipangilio yake.