Kibodi isiyo na waya: Bluetooth au kipokezi cha USB? Angalia nani anamsubiri nani

*"Wakuu, kibodi yangu ina Bluetooth na pia ilikuja na kile kidude cha kuchomeka kwenye USB. Kwa Bluetooth, nikirudi mezani herufi za kwanza zinapotea. Kwa kidude, kuna wakati herufi moja inajiandika mfululizo hata mara kumi. Ipi haicheleweshi, ipi inatunza betri, na ipi inafika mbali? Kazi yangu kubwa ni kuandika, gemu kidogo tu."*

Mkuu, hayo matatizo mawili hayahusiani kabisa, na yote mawili yameshanipata kwenye kibodi moja. Nilihangaika nayo miezi kadhaa, hata nikataka kuiuza, kabla sijaelewa kwamba kibodi yenyewe haikuwa na kosa.

Kwanza, mawimbi ni yale yale. Bluetooth na hicho kidude vyote viko kwenye gigahezi 2.4, pamoja na Wi-Fi ya zamani. Wanachotofautiana ni nani anamsubiri nani. Redio ya kibodi inakula umeme karibu sawa ikiwa inasema au inasikiliza, kwa hiyo kinachomaliza betri ni kukaa macho ukisubiri. Kipokezi cha USB hakina shida hiyo kwa sababu kinakula umeme wa kompyuta, basi kinasikiliza saa zote. Kibodi inazima redio yake na kulala. Ukibonyeza kitufe inaamka, inarusha ujumbe, inasubiri kidogo jibu la "nimepata", inalala tena. Jibu lisipokuja inarusha upya papo hapo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwenye Bluetooth ya nishati ndogo mambo yanakwenda kwa miadi. Kompyuta ndiyo mwenye ratiba: inasema tutakutana kila baada ya muda fulani, na kibodi haiwezi kusema kitu nje ya miadi. Muda huo kwa mujibu wa kanuni unaanzia milisekunde 7.5 na unaweza kufika sekunde 4. Kibodi inaruhusiwa kuomba muda inaoupenda, ila uamuzi ni wa kompyuta, ndiyo maana kibodi hiyo hiyo inaweza kuwa nyepesi kwenye kompyuta moja na nzito kwenye nyingine.

Chukua miadi ya kila milisekunde 15, ambayo nimeikuta mara nyingi. Ukibonyeza kitufe wakati ule ule miadi inapofika, hakuna kusubiri. Ukibonyeza mara tu baada ya miadi kupita, unasubiri zote 15. Wastani ni saba na nusu. Nililipima kwa simu, nikipiga video ya fremu 240 kwa sekunde huku kidole na skrini vikionekana pamoja. Fremu moja hapo ni milisekunde 4 na kitu. Kipokezi kilikuwa karibu sawa na waya. Bluetooth ilitawanyika: mara inalingana na kipokezi, mara inachelewa fremu tatu au nne zaidi. Kwa kuandika hutaisikia tofauti hiyo, mimi siisikii. Kwenye gemu za kukimbizana, huo mtawanyiko ndio unaoudhi kuliko ule wastani wenyewe, kwa sababu kidole hakiwezi kuuzoea.

Lakini usidhani kila kipokezi ni cha haraka. Kompyuta nayo inakiuliza kipokezi "una kitu?" kwa vipindi, na vingi vya bei ya chini vinaulizwa kila milisekunde 8 au 10. Hapo Bluetooth ya milisekunde 7.5 iko naye sambamba. Vile vya gemu vinaulizwa kila milisekunde 1. Kwenye Linux unaona mwenyewe:

```
sudo lsusb -v | grep -E "iProduct|bInterval"
```

Namba iliyo mbele ya `bInterval`, kwa vipokezi vingi vya kibodi, ni milisekunde. Kwa upande wa Bluetooth fungua `sudo btmon`, kisha izime kibodi na kuiwasha. Tafuta mistari inayofanana na hii:

```
Connection interval: 15.00 msec (0x000c)
Connection latency: 30 (0x001e)
Supervision timeout: 4000 msec (0x0190)
```

Mstari wa pili ndio siri ya betri, na watu wengi wanausoma vibaya wakidhani ni ucheleweshaji. Miadi ya kila milisekunde 15 ni kuamka mara 66 kwa sekunde, hata kama hugusi kitu, na betri isingevumilia. Hiyo 30 ni ruhusa ya kukosa miadi 30 mfululizo kama kibodi haina la kusema. Yaani wakati wa kimya inaamka mara moja tu kila milisekunde 465, mara mbili hivi kwa sekunde. Ukibonyeza kitufe haingoji hizo 465. Inahudhuria miadi inayofuata tu. Anayengoja ni kompyuta ikiwa na ujumbe wa kuipelekea kibodi. Ukitaka kuliona kwa macho kwenye Windows, iache kibodi kimya kidogo halafu bonyeza Caps Lock kwenye kibodi ya laptopu. Taa ya kibodi ya Bluetooth inaweza kuja nyuma kidogo. Si ugonjwa, ndivyo inavyolala.

Sasa herufi zako za kwanza zinazopotea. Ukiondoka muda mrefu, kibodi nyingi haziridhiki na kuruka miadi, zinakata uhusiano kabisa. Ukirudi na kubonyeza, inabidi ijitangaze, kompyuta iisikie, waunganishe, wawashe usimbaji, ndipo herufi ipite. Hiyo inakula sekunde moja, pengine zaidi. Kibodi zilizotengenezwa vizuri zinahifadhi ulichobonyeza na kukitoa baadaye, nyingine zinakitupa. Yako inatupa. Kipokezi hakina sherehe hiyo kwa sababu hakuna uhusiano wa kujenga upya, kibodi inaamka na kurusha. Dawa ya bure ni kubonyeza Shift mara moja ukikaa, kuhesabu moja mbili, ndipo uandike. Dawa nyingine ni kurefusha muda wa kabla ya kulala kama programu ya kibodi inaruhusu. Wanaotumia ZMK, programu huria inayoendesha kibodi kutoka ndani, wanaubadilisha kwa `CONFIG_ZMK_IDLE_SLEEP_TIMEOUT`, kwa milisekunde. Chaguo-msingi ni 900000, yaani dakika 15.

Kuhusu betri kwa ujumla, nitasema lisilopendwa: kama kibodi yako ina taa za rangi na zinawaka, mjadala wa Bluetooth na kipokezi hauna maana. Piga hesabu. Tuseme vitufe 80, kila taa inakula miliampea 1 kwa wastani, hiyo ni 80. Betri ya miliampea-saa 4000 inakwisha kwa saa 50. Zima taa, na tuseme kibodi nzima pamoja na redio inatumia miliampea 1 ukiwa unaandika. Betri hiyo hiyo inakupa saa 4000 za kuandika. Redio yoyote utakayochagua inachezea ndani ya hiyo miliampea moja. Taa zikiwa zimezimwa, kipokezi cha kawaida na Bluetooth vinakaribiana. Kile cha gemu cha milisekunde 1 ndicho kinachokula zaidi, kwa sababu ili kuwahi vile, kibodi inakagua vitufe na kushika redio bila kusinzia.

Tukija kwenye herufi inayojiandika mara kumi. Kompyuta haiambiwi "andika a mara kumi". Inaambiwa kitufe kimebonyezwa, halafu inaambiwa kimeachiwa. Katikati yenyewe ndiyo inayorudia. Ujumbe wa "kimeachiwa" ukipotea njiani, inaendelea kurudia hadi ujumbe mwingine ufike. Kwa hiyo mfululizo mrefu ni dalili ya redio. Herufi ikijirudia mara mbili tu, tena kitufe kile kile kila siku, hiyo ni swichi iliyochoka, na itafanya hivyo hata ukichomeka waya.

Mimi yangu ilikuwa inatokea jioni tu, nikadhani ni Wi-Fi ya majirani. Baadaye nikagundua jioni ndio muda ninaonakili faili kwenye diski ya nje. Diski ilikuwa kwenye tundu la USB 3, kipokezi kwenye tundu la pembeni yake, kama sentimita mbili. USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele ya redio inayofunika eneo la gigahezi 2.4, Intel waliandika waraka kuhusu hilo mwaka 2012. Kelele ile inatoka kwenye tundu na waya wa diski, na antena ya kipokezi, ambayo ni ndogo kuliko ukucha, imekaa katikati yake. Kibodi ilikuwa sentimita 60 tu kutoka hapo na bado haikusikika. Nilitoa kipokezi nikakiweka kwenye waya wa kurefusha wa USB 2.0, mita moja, juu ya meza karibu na kibodi. Tatizo likafa siku hiyo hiyo.

Bluetooth kwenye laptopu ile haikuathirika, nami nikaipa sifa isiyostahili. Sababu kubwa ilikuwa mahali: antena za laptopu nyingi ziko kwenye fremu ya skrini, mbali na matundu. Ila kuna tofauti moja ya kweli. Bluetooth inarukaruka kwenye chaneli 37 na kukwepa zilizochafuka, na ujumbe haitupi. Inaurusha tena kila miadi hadi ufike au uhusiano ukatike. Hivyo Bluetooth ikizidiwa, herufi zinaganda halafu zinamwagika zote kwa pamoja. Baadhi ya vipokezi vikizidiwa vinakata tamaa baada ya majaribio machache, ndipo unapoona herufi zilizopotea au zilizokwama.

Umbali wenyewe sina mengi. Zote mbili ni za mita kumi hivi pasipo kizuizi, na zote zinanyongwa na meza ya chuma au mwili wako ukikaa katikati. Kipokezi nyuma ya kompyuta ya mezani, kikiwa kimefichwa na kasha la chuma, ndio mpangilio mbaya kuliko yote.

Kwako wewe ningetumia kipokezi, taa zimezimwa, Bluetooth ibaki ya simu na tableti. Kihamishe kwenye waya wa kurefusha leo, halafu nakili faili kubwa kwenye diski ya nje huku unaandika ukurasa mzima. Herufi zikikwama hata hapo, chomoa diski urudie, kisha utuambie ni tundu lipi lilikuwa limechomekwa nini.