Mradi haukuleta tofauti, slaidi nizipangeje?

"Kaka shikamoo. Tulituma meseji za kuwakumbusha akina mama kurudi kliniki kwa miezi 10. Kundi la meseji lilikuwa na akina mama 200, lisilopata meseji 200, tuligawa kwa bahati nasibu. Waliorudi ni 122 kwa 118. Tuliahidi tofauti ya asilimia 10. Nina dakika 15 mbele ya mfadhili na watu wa halmashauri, na bosi anataka nianze na kituo kimoja kilichofanya vizuri. Namba nyingi za simu kumbe ni za waume. Nipangeje?"

Marahaba mdogo wangu. Usianze na hicho kituo, nitakwambia sababu huko mbele. Slaidi ya kwanza weka lile lengo kama mlivyoliandika kwenye proposal kabla hamjaona data, neno kwa neno, halafu slaidi ya pili toa jibu hapohapo: asilimia 61 walirudi kwenye kundi la meseji, 59 kwenye kundi lingine, tofauti ni 2, lengo halikufikiwa. Niliwahi kuficha jibu la namna hii slaidi ya 18, muda ukaisha kabla sijafika, watu wakatoka wanajua mradi umefaulu na ilinichukua wiki kadhaa kuwaandikia mmoja mmoja kurekebisha. Kwa hiyo dakika 3 za kwanza wawe wameshajua.

Slaidi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, ipe muda. Wengi hapa wanaandika "meseji hazifanyi kazi" na hiyo data yako haisemi hivyo. Nimepiga hesabu kwa namba ulizotoa, renji ya asilimia 95 ya hiyo tofauti inaanzia kama 8 chini ya sifuri mpaka kama 12 juu ya sifuri, maana yake huenda meseji zilipunguza kidogo, huenda hazikufanya kitu, na huenda zimeongeza hata zile 10 mlizoahidi, watu 400 hawatoshi kutofautisha. Ichore hivyo, mstari mmoja mlalo, alama ya sifuri na alama ya 10 zote zimo ndani yake, na useme kwa mdomo: hatujaona faida, na hatuwezi kusema haipo. Linganisha na utafiti wa WASH Benefits kule Kakamega, Bungoma na Vihiga, matokeo yalitoka 2018, akina mama zaidi ya 8,000, wakasema wazi kwamba maji ya kutibiwa, vyoo na kunawa mikono havikupunguza kuhara kwa watoto. Wao walikuwa na watu wa kutosha kusema vile, wewe huna, na ukisema kama wao unaweza kuua wazo ambalo halijapimwa vizuri.

Ya nne, ngazi ya meseji. Mama 200 waliandikishwa, namba ngapi zilikuwa za mama mwenyewe, ngapi zilionyesha meseji imefika, mama wangapi wakiulizwa walikumbuka kuisoma. Kila ngazi idadi yake, hata kama inatia aibu. Hapa ndipo halmashauri watajua kama wazo ndilo limeshindwa au meseji ilikuwa inaishia kwenye simu ya baba aliyeko kazini. Ila kuna mtego: utashawishika kuwachukua waliopata meseji tu ukawalinganisha na wale wengine, na tofauti itaonekana nzuri. Mama mwenye simu yake mwenyewe huenda anakaa karibu na barabara, ana hela ya nauli, angerudi kliniki hata bila meseji. Jibu kuu libaki la wote 200 kwa 200.

Sasa kile kituo cha bosi. Ukiwa na vituo kadhaa lazima kimoja kiongoze, hata kama hamkutuma meseji hata moja, kwa sababu kila kituo kina akina mama wachache na namba ndogo zinayumba sana. Usikifiche, weka vituo vyote kwenye chati moja kikiwemo na hicho, na uandike kuwa hamkupanga kukiangalia peke yake. Mweleze bosi hivi kabla ya siku yenyewe, mwonyeshe chati, asije akakushtukia mbele ya wageni.

Mwisho usiweke "mafunzo tuliyopata", weka uamuzi unaoomba. Kwa unavyoeleza ningeandika: msisambaze meseji wilaya nzima kwa sasa, kwanza tukusanye upya namba kliniki kwa kupiga simu papo hapo mbele ya mama, na asiye na simu achague mwenyewe nani apokee, halafu ndo tupime tena kwa kundi kubwa zaidi. Weka na gharama yake hapo chini, wataiuliza.