Choo cheusi: ni vidonge vya damu au ni damu yenyewe?

Nina mimba ya miezi mitano. Tangu nianzishiwe vidonge vya damu kliniki, choo ni cheusi kama mkaa. Je, navuja damu tumboni? (Mama mjamzito, Urambo)

Pole kwa hofu, mama. Mwili hauchukui madini yote ya chuma yaliyo kwenye kidonge. Yanayobaki hushuka utumboni na kugeuka meusi, wakati mwingine yenye ukijani. Kama choo kina umbo lake, hakinati, harufu ni ya kawaida na wewe mwenyewe huna shida nyingine, endelea na dawa.

Baba anameza vidonge vya damu, na diklofenaki ya mgongo ananunua dukani. Wiki hii choo chake ni cheusi, laini, kinanata na kunuka sana. Si vidonge tu? (Nzega)

Mpelekeni hospitali leo, na diklofenaki aiache sasa hivi. Dawa hiyo huweza kuchimba vidonda tumboni, na kwa wazee vidonda hivyo huvuja bila maumivu makubwa. Damu ikitoka juu, humeng'enywa njiani na kutoka kama lami: inang'aa, inaganda kwenye sakafu ya choo na haisafishiki kwa maji kidogo, na harufu yake ni nzito kuliko ya kila siku. Madini ya chuma hutia weusi tu, hayaleti unato wala harufu hiyo, na kwa wengi hufunga choo. Kwa hiyo choo cheusi kilicholegea kwa mtu anayemeza vidonge hivi kinanitia wasiwasi zaidi.

Choo cha shimo huficha mengi, hasa usiku kwa tochi. Mpeni poo, mkitazame mchana. Lakini hilo lisicheleweshe safari ya hospitali, hasa kama anaona kizunguzungu akisimama, moyo unakwenda mbio, anatoka jasho la baridi, au ametapika damu au kitu kama masalia ya kahawa. Msijaribu kusimamisha vidonge vya damu ili kuona kama rangi itabadilika, mtapoteza siku.

Muulizeni daktari pia kwa nini damu ya mzee ilipungua tangu mwanzo. Huenda kidonda kilikuwa kikivuja taratibu kabla ya kidonge cha kwanza.

Vidonge vimenifunga choo. Nikijikamua naona damu nyekundu kwenye karatasi. (Kaliua)

Damu nyekundu kidogo juu ya choo kigumu, pamoja na maumivu ya kukata, mara nyingi ni mchaniko wa njia ya haja kubwa au bawasiri. Kunywa maji zaidi, kula papai, maembe, maharage na mboga za majani. Kidonge kikikusumbua tumbo, meza usiku baada ya chakula, ila si pamoja na chai, maana chai huzuia madini kuingia mwilini. Choo kikiendelea kufunga, mwambie muuguzi akubadilishie aina au mpango wa kumeza, usiache kimyakimya. Damu ikiwa nyingi, ina mabonge au imechanganyika na choo, nenda hospitali siku hiyohiyo.