Barua ya kuomba bodi ya AMCOS iridhie dashibodi: onyesha baki ya ghalani kabla ya kitu kingine

Nimeandika barua ya aina hii kwa bodi ya chama chetu cha msingi huku kusini, ambako korosho ndiyo inayotulisha, na tangu hapo vijana wa vyama jirani wananiomba "sampuli". Sampuli nitaitoa hapa chini. Lakini barua haikupita kwa sababu ya lugha nzuri. Ilipita kwa sababu ya safu moja ndani ya jedwali lililoambatanishwa, ile ya baki, na hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu.

Mtu anayefikiria dashibodi ya mavuno na mauzo huanza na safu mbili: kilo tulizopokea mwezi huu, kilo tulizouza mwezi huu. Inaonekana safi. Sasa chukua mfano wa Oktoba, mwanzo wa msimu. Mizani ya AMCOS imepokea kilo 42,600. Mnadani zimeuzwa kilo 30,000. Bandika karatasi hiyo ukutani ofisini, na kabla ya jioni kijiji kizima kitakuwa kinajua kwamba viongozi wamekula kilo 12,600. Hakuna aliyekula. Mzigo wa wiki ya mwisho uko ghala kuu unasubiri mnada, mwingine uko kwenye lori, na kidogo kimepotea kwa unyaufu, maana korosho iliyopimwa ikiwa na unyevu hupungua uzito ikiendelea kukauka. Wajumbe wa bodi wanalijua hili kuliko wewe na mimi. Ndiyo maana wakisikia neno "dashibodi" wanaona kesi, na barua yako inaahirishwa hadi kikao kijacho, kisha kijacho tena.

Kwa hiyo jedwali liwe na safu tano: baki ya mwezi uliopita, mapokezi, mauzo, unyaufu, na baki ya mwisho wa mwezi. Oktoba inaanza na sifuri, inapokea 42,600, inauza 30,000, unyaufu ulioandikwa ghalani ni 180, inabaki 12,420. Novemba inaanza na hizo 12,420, inapokea 61,000, inauza 58,000, unyaufu 240, inabaki 15,180. Mkulima anayeuliza "zingine ziko wapi?" anajibiwa na karatasi yenyewe, na mjumbe wa bodi ana cha kushika mkononi.

Kwenye kompyuta, fomula ya baki ni nyepesi. Mwezi uko safu A (andika tarehe 1 ya mwezi husika), baki ya nyuma B, mapokezi C, mauzo D, unyaufu E. Stakabadhi za mizani zinaingizwa kwenye karatasi nyingine iitwayo Mapokezi, tarehe safu A, kilo safu C:

```
Mapokezi ya mwezi (C2):
=SUMIFS(Mapokezi!C:C, Mapokezi!A:A, ">="&A2, Mapokezi!A:A, "<"&EDATE(A2,1))

Baki ya mwisho (F2):
=B2+C2-D2-E2
```

Kisha B3 inachukua F2, na kadhalika kushuka chini.

Baki hiyo ndiyo pia itakayokuonyesha makosa. Ikitoka hasi, maana yake mmeuza mzigo ambao haujaingizwa. Mara nyingi kuna kitabu cha stakabadhi kimebaki kwenye kituo cha kupokelea, au karani ameandika tarehe aliyoketi kwenye kompyuta badala ya tarehe ya mizani. Ikizidi hesabu ya ghala kuu kwa kiasi kinachokaribia shehena nzima ya lori, uliza kwanza mzigo ulio njiani kabla hujauliza kitu kingine chochote. Tofauti ndogo inayojirudia kila mwezi ni habari nyingine, hiyo inataka mizani zote mbili zikaguliwe.

Sasa barua. Bodi ina ajenda nyingi, na mwenyekiti ataisoma kwa sauti, kwa hiyo ukurasa mmoja unatosha. Omba uamuzi mmoja tu. Mkubwa wangu mmoja katika ushirika aliniambia, "Mwanangu, ukiomba vitatu tutajadili kile kibaya." Hii ndiyo niliyoipunguza kwa ajili yenu:

YAH: OMBI LA KURIDHIA JARIBIO LA JEDWALI LA MWEZI LA MAPOKEZI NA MAUZO

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, kupitia kwa Katibu Meneja.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba bodi iridhie kwa msimu mmoja utayarishaji wa jedwali la ukurasa mmoja kila mwisho wa mwezi, linaloonyesha kilo zilizopokelewa, zilizouzwa, unyaufu na baki, pamoja na bei ya mnada na bei anayolipwa mkulima baada ya makato.

Takwimu zitatoka kwenye stakabadhi za mizani, hati za kupeleka mzigo ghala kuu na taarifa za mnada ambazo chama tayari kinazo. Hakuna kitabu kitakachobadilishwa wala kuachwa. Jedwali litaonyesha jumla za chama pekee. Halitakuwa na jina, namba ya simu wala akaunti ya mwanachama.

Karani ataingiza takwimu, Katibu Meneja atazilinganisha na vitabu na kusaini kabla jedwali halijabandikwa. Kompyuta iliyopo ofisini inatosha. Gharama ni karatasi na wino.

Bodi inaweza kusitisha jaribio wakati wowote. Nimeambatanisha jedwali la mfano.

Wenu katika kujenga ushirika.

Kila aya hapo inajibu swali litakaloulizwa. Ile ya majina ipo kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, hakuna mkulima anayetaka jirani ajue amepeleka magunia mangapi. Ile ya vitabu ipo kwa ajili ya mkaguzi. COASCO wakija watataka vitabu, na jedwali lako si kitabu. Kuna atakayesema, "Si tuna MUVU?" Jibu kwa adabu kwamba MUVU ni mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia vyama, nanyi mnataka karatasi ambayo bibi aliyeleta gunia mbili ataisoma ukutani.

Bei mbili zisikosekane. Ukiandika ya mnada peke yake, watu watazidisha kwa kilo zao na kuja ofisini na madai.

Kuhusu jedwali la mfano, tumia namba za kubuni na uandike MFANO kwa herufi kubwa juu yake. Vishawishi vya kuweka takwimu halisi za msimu uliopita ni vikubwa kwa sababu zinavutia, lakini ukizitoa bila idhini ya Katibu Meneja umekwisha kuvujisha siri za chama kabla hujaruhusiwa. Ukiwa na muda, keti naye mapema, mfanye mwezi mmoja wa zamani kwa mkono, kalamu na daftari. Akiona baki inakubaliana na hesabu ya ghala, yeye mwenyewe atakutetea kikaoni, na sauti yake pale ina uzito kuliko yako.

Ikiridhiwa, omba uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na jina la cheo kinachosaini jedwali. Bodi hubadilika baada ya uchaguzi, na anayekuja ataanza kwa kuuliza nani aliruhusu karatasi hii ibandikwe.