Usitaje bei ya mwezi kabla hujaandika kikomo cha kazi

Swali: "Kuna mteja ninayemtunzia hesabu za duka la vifaa vya ujenzi kwa miaka mingi, na hunilipa kila kazi kivyake. Sasa anataka kunilipa 400,000 kila mwezi kwa kazi zote za hesabu, na Januari anafungua duka la pili. Nipangeje saa za kazi, muda wa kumjibu, na itakuwaje kazi ikiongezeka? Je, nimpunguzie kwa kuwa ni mteja wa zamani? Mwenye mfano wa barua naomba aniwekee."

Usikubali hizo 400,000. Sisemi kwamba ni ndogo wala kubwa, kwa sababu hakuna mtu humu ndani, wewe mwenyewe ukiwemo, anayejua zitanunua nini. Hayo maneno "kazi zote za hesabu" ndiyo yaliyokuwa katika mkataba wangu, neno kwa neno, na nimeshtuka kuona umelitaja duka la pili kwa nusu sentensi kana kwamba ni salamu.

Mteja wangu naye alikuwa wa vifaa vya ujenzi, mtu mwema, tuliyezoeana kiasi cha kualikana kwenye misiba na harusi. Tulikubaliana 350,000 kwa mwezi. Wakati huo alikuwa na duka moja, wafanyakazi 6, na nyaraka zipatazo 120 kwa mwezi, nikihesabu ankara za manunuzi, risiti za matumizi na miamala ya benki. Kazi hiyo ilinichukua kama saa 14, kwa hiyo nilikuwa napata 25,000 kwa saa, na nilijiona mjanja. Mkataba wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja, na aya ya wajibu wangu ilisema kwamba nitafanya "kazi zote za hesabu kama zitakavyohitajika". Nani ataamua kinachohitajika? Aya haikusema, na mimi sikuuliza.

Biashara ikakua, jambo ambalo sote wawili tulikuwa tukiliombea. Likafunguliwa duka la pili. Mauzo yakavuka kiwango cha kusajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, ikawa kila mwezi kuna ritani inayopaswa kuwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kila ankara ya manunuzi inapaswa kukaguliwa kama ina risiti halali ya mashine kabla ya kudai kodi iliyolipwa. Wafanyakazi wakafika 11, na mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10 huingia kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo hapo awali haikumhusu. Nyaraka zikafika kama 400, na saa zangu zikapita 45. Gawanya 350,000 kwa 45 uone: ni chini ya 7,800 kwa saa. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akiniletea maboksi ya risiti alikuwa na mkataba bora kuliko wangu, kwa sababu yeye alilipwa kwa kila safari.

Hata hayo ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni barua ya ukaguzi kutoka Mamlaka ya Mapato, iliyotaka kumbukumbu za miaka ya nyuma. Sheria inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu kwa miaka 5, na mteja wangu alikuwa amezitunza kweli, ndani ya mifuko ya saruji iliyokunjwa mdomo. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilitangulia mkataba wetu, na baadhi ya hesabu zilikuwa zimeandaliwa na mtu mwingine. Nilipomwambia kwamba hiyo ni kazi ya pembeni yenye bei yake, alinisomea mkataba wangu mwenyewe, taratibu, bila hasira: "Kazi zote, kijana wangu. Hapa umeandika zote." Na alikuwa sahihi! Nilipanga upya miaka yake, nikalinganisha taarifa za benki na mauzo, nikakaa naye mbele ya wakaguzi, na sikulipwa hata senti moja ya ziada. Katika kipindi hicho nilichelewesha kazi za mteja mwingine, akapigwa faini kwa uzembe wangu, akaondoka, na yeye ndiye aliyekuwa akinilipa vizuri zaidi. Kwa hiyo nilipoteza mara mbili kwa sababu ya neno moja lenye herufi nne.

Hilo neno sikulibuni mimi. Nilifundishwa na kaka mmoja aliyetutangulia katika fani, aliyekuwa akiendesha semina za jioni kwa wahasibu wanaojitegemea, tena kwa kiingilio. Alitwambia kwamba mteja wa zamani hafungwi kwa karatasi, kwamba ukimwekea vikomo ataona humwamini, na kwamba siri ya kumshika mteja ni kumwambia "niachie yote mimi". Nilikuja kugundua baadaye kwamba yeye mwenyewe hakuwa na mteja hata mmoja wa malipo ya mwezi, kwani aliishi kwa viingilio vyetu. Kwa hakika alituachia yote sisi.

Sasa kanuni yangu ni moja, na ukisahau mengine yote shika hii: kabla kiasi cha fedha hakijatajwa, andika kikomo cha kazi kwa vitu ambavyo nyote wawili mnaweza kuvihesabu, na andika bei ya kila kinachozidi. Kumpa mteja bei ya mwezi bila kikomo ni sawa na kuuza wali kwa sahani huku mnunuzi akiruhusiwa kuja na sahani yake.

Vitu vya kuhesabu katika kazi yetu ni nyaraka, wafanyakazi walio kwenye orodha ya mishahara, maduka, akaunti za benki, na aina za ritani. Chukua hizo 400,000 kama mfano. Andika kwamba zinagharamia duka moja, akaunti moja ya benki, nyaraka zisizozidi 150, na mishahara ya wafanyakazi wasiozidi 9. Kila nyaraka inayozidi 150 ni 1,500. Mwezi wenye nyaraka 190 utakuwa na ziada ya 40, yaani 60,000, na ankara yako itasomeka 460,000. Ambatisha ukurasa mmoja wenye hesabu ya nyaraka kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna ziada, ili siku ziada itakapotokea asione ni jambo la kushtukiza. Mnapopita kikomo miezi 2 mfululizo, hiyo si ziada tena bali ndiyo ukubwa mpya wa biashara, na mkataba useme kwamba kuanzia mwezi wa 3 mnahamia kiwango cha juu kilichoandikwa tangu mwanzo, tuseme 650,000 kwa nyaraka hadi 300.

Halafu yapo mambo ambayo hayaongezi idadi peke yake bali hubadilisha aina ya kazi, na hayo yataje kwa majina: kufunguliwa kwa duka jingine, mauzo kufikia milioni 200 kwa miezi 12 ambayo humlazimu kujisajili kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, na mfanyakazi wa 10 kuajiriwa. Lolote kati ya hayo likitokea, bei inajadiliwa upya kabla ya kazi mpya kuanza. Kwa mteja wako la kwanza litatokea Januari, na la pili huenda likafuata mwaka huohuo, kwa sababu saruji na nondo hupandisha mauzo haraka hata kama faida ni nyembamba. Ukaguzi, kazi za miaka ya nyuma, na hesabu za kuombea mkopo benki viandike waziwazi kuwa haviko ndani ya malipo ya mwezi, na kila kimoja kitatolewa bei yake.

Saa za kazi usiziweke kwenye mkataba. Ziandike kwenye daftari lako, maana bila hizo hutajua kama 400,000 inakulipa, lakini mteja hazioni na atazibishia. Ukimwambia umetumia saa 30 atakuuliza kwa nini mwenzako hutumia 20, ilhali ukimwambia nyaraka ni 190 anaweza kuzihesabu mwenyewe. Unapopima, usitumie mwezi mwepesi. Kwa mwenye mwaka wa hesabu wa kalenda, miezi ya Machi, Juni, Septemba na Desemba ina awamu za kodi ya mapato ya makadirio, na kazi huwa nzito zaidi.

Atakuuliza pia kama mwezi wenye nyaraka 80 utamrudishia fedha. Jibu ni hapana, wala zilizobaki hazihamii mwezi ujao, kwa kuwa nafasi yake umeitunza na hukumpa mtu mwingine. Hilo nalo liandikwe.

Kuhusu muda wa kujibu, tenganisha kujibu na kumaliza. Mimi huahidi kwamba ujumbe ulioingia kabla ya saa 10 jioni siku ya kazi utajibiwa siku hiyohiyo, na barua yoyote ya Mamlaka ya Mapato nitaithibitisha siku niliyoipata, lakini muda wa kumaliza hutegemea kazi yenyewe. Yeye naye afungwe: kodi ya mishahara inatakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, kwa hiyo orodha ya mishahara ikufikie kabla mwezi haujaisha, na akichelewa faini ni yake. Simu za Jumapili usiku kuhusu bei ya misumari sitazizungumzia hapa, presha yangu itapanda.

Suala la undugu ulilouliza lina jibu fupi: ukipunguza bei, punguza na mzigo. Akitaka 300,000, mwambie kwa heshima, "Mzee wangu, nyaraka zitakuwa mia moja na mishahara utaandaa mwenyewe." Akisema kwamba ninyi ni watu wa siku nyingi na karatasi ni za nini, mjibu kwamba bei hiyo ni ya duka alilonalo leo, na duka la pili litakapofunguliwa utahitaji msaidizi ambaye naye ataomba mshahara. Wafanyabiashara wa aina hii huelewa haraka, kwa sababu wao wenyewe hawauzi nondo bila kuhesabu vipande.

Jambo la mwisho kabla hujakutana naye: katika ada ya huduma atakukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenye 400,000 hiyo ni 20,000, na mkononi utapata 380,000. Panga bei yako ukijua hilo, na udai hati ya zuio kila anapokukata, kwani bila hati hutaweza kuonyesha kwamba kodi hiyo umeshalipa utakapofunga hesabu zako za mwaka.