Kupanga vipimo vya presha ya mjamzito nyumbani

*Mke wangu ana mimba ya wiki 31 na tunapima presha nyumbani asubuhi na jioni. Daftari limejaa namba, lakini sioni zinasema nini. Nizipangeje ili nijue lini twende kliniki kabla ya tarehe yetu?*

Ndugu, anza na mstari mmoja wa jedwali kwa kila siku: tarehe, wiki ya mimba, kipimo cha asubuhi, cha jioni, na dalili. Kabla ya kupima akae dakika tano akiwa ameegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Mkanda uliombana kwa udogo hupandisha namba bila sababu.

Kisha tengeneza jedwali la pili, la wiki. Hapo ndipo mwendo huonekana. Huu ni mfano wa kuonyesha:

| Wiki | Wastani | Kipimo cha juu kabisa | Dalili |
|---|---|---|---|
| 24 | 106/64 | 112/68 | hakuna |
| 27 | 110/68 | 116/74 | hakuna |
| 29 | 118/76 | 126/80 | hakuna |
| 31 | 128/84 | 134/88 | pete inabana |

Hakuna kipimo kilichofika 140/90, na ukitazama siku moja moja utasema mambo ni shwari. Sasa fuata namba ya chini kwenye wastani. Ilipanda 4 kwa wiki tatu, halafu 8 kwa wiki mbili, halafu 8 tena. Ni kawaida presha kushuka katikati ya mimba na kupanda taratibu kuelekea mwisho, lakini hapa upandaji umeongeza kasi, na vidole vimeanza kuvimba. Hilo peke yake si ugonjwa. Mimi mama huyu ningemwita kliniki siku hiyohiyo apimwe presha upya na protini kwenye mkojo, nisingoje tarehe yake.

Safu ya kipimo cha juu kabisa usiiache, kwa sababu wastani huficha. Jioni moja ya 150/96 ikichanganywa na siku sita nzuri inapotea kabisa.

Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, pigeni simu siku hiyo. Nyumbani mwili huwa umetulia, ndiyo maana mpaka uko chini kuliko ule wa kliniki wa 140/90. Kipimo kimoja kikifika 140/90, pumzika, rudia, na kikibaki hapo nendeni siku hiyohiyo. Namba ya juu ikifika 160 au ya chini 110, rudia baada ya dakika 15. Ikibaki hapo, hospitali sasa hivi, hata kama anajisikia mzima.

Safu ya dalili ina nguvu kuliko namba zote. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, kupumua kwa shida, au uso kuvimba ghafla: nendeni hata kama mashine inasema 120/78, kwani baadhi ya mashine husoma chini ya ukweli kwa mama mwenye dalili za kifafa cha mimba. Daftari mlichukue, na mashine pia, ilinganishwe na ya kliniki.